Sura ya Tano: Jua Likizama Usa River

Gulio la Tengeru hukusanyika mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku kubwa. Barabara ya Arusha kwenda Moshi hupunguza mwendo kwa sababu ya mikungu ya ndizi inayoshushwa pembezoni, kina mama wanatandika nyanya na karoti chini juu ya viroba, na punda waliopanda na mizigo tangu alfajiri wamesimama pembeni wakingoja safari ya kurudi. Kwa mkulima wa ndizi au wa mbogamboga wa upande huu wa Mlima Meru, kuikosa Jumamosi ya Tengeru ni kukosa pesa ya wiki nzima au kuuza kwa bei ya mlanguzi anayekuja mpaka shambani. Wapo wanaoikosa kila wiki, mwaka hadi mwaka, kwa hiari yao wenyewe. Ni Wasabato.

Kilomita chache mbele, Usa River, vyuo vikuu viwili viko jirani. Makumira ni cha Walutheri, na Jumapili kengele zake huita watu ibadani. Chuo Kikuu cha Arusha ni cha Waadventista Wasabato, na huko Ijumaa jua linapozama masomo na ofisi hunyamaza mpaka jua lizame tena kesho yake. Kwa hiyo mtu anayetembea kwa miguu mwendo wa saa moja tu katika eneo hili anaweza kupita kwenye wiki mbili tofauti. Akiendelea hadi mjini Arusha, kwenye msikiti wa Ijumaa karibu na Soko Kuu, atakutana na ya tatu. Wote hawa wana neno moja katika vitabu vyao, kwa matamshi yanayokaribiana, lakini kila mmoja amelipeleka njia yake.

Tuanze na neno lenyewe, maana limezungukwa na dhana moja potofu ambayo Kiswahili kimeisaidia kuota mizizi. Watu wengi, hata waumini wa miaka mingi, hudhani Sabato imetokana na saba. Siku ya saba, Sabato: masikio yanakubali. Ukweli ni kwamba ni maneno mawili yasiyo na undugu. Saba yetu imetoka kwenye hesabu ya Kiarabu, na kwa Kiebrania saba ni sheva. Sabato inatokana na kitenzi kingine cha Kiebrania, shavat, maana yake kukoma, kuacha ulichokuwa ukifanya. Hakina harufu ya dini hata kidogo. Mpaka leo nchini Israeli wafanyakazi wakigoma, mgomo wao huitwa shvita, neno la shina hilo hilo. Kiarabu nacho kinaiita Jumamosi as-sabt. Sisi peke yetu ndio tuliochanganya hesabu, kwa sababu pwani walianza kuhesabu wiki baada ya Ijumaa: siku ya kwanza ni Jumamosi, ya pili Jumapili. Ndiyo maana mhubiri wa Kisabato anayehubiri kwa Kiswahili hulazimika kueleza, kwa subira, kwamba siku ya saba ya Biblia ni ile ambayo lugha yake inaiita ya mosi.

Maana ya awali, basi, ni kukoma. Kupumzika kunafuata nyuma yake, na hapa Kiswahili kinatulipa fidia. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, panaposemwa kwamba Mungu alistarehe siku ya saba, kitenzi cha mwisho katika Kiebrania kinatokana na nefeshi, yaani pumzi: alivuta pumzi. Kitenzi hicho hicho kimetumika katika sura ya 23 kwa mtoto wa mjakazi na kwa mgeni, ili nao wapate kuvuta pumzi. Kupumzika kwetu nako kumetoka kwenye kupumua.

Jambo moja zaidi kuhusu maandiko, kisha turudi mlimani. Orodha ya Amri Kumi imeandikwa mara mbili, na sababu za Sabato hazifanani. Katika Kutoka 20 sababu ni uumbaji: Mungu alifanya kazi siku sita. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 sababu ni utumwa: kumbuka ulikuwa mtumwa Misri. Hiyo ya pili ndiyo inayosisitiza kwamba mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike kama wewe, na inataja kwa jina ng'ombe na punda. Waliotunga amri hii walijua nani husahaulika mwenye nyumba anapopumzika.

Siku mbili hizi zilifika upande wetu kwa kukaribiana sana. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walijaribu kuingia Meru mwaka 1896, na wawili kati yao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, wakauawa Akeri mwezi Oktoba mwaka huo. Misheni ikarudi mwaka 1902 na kujenga Nkoaranga, kisha Ilboru kwa Waarusha mwaka 1904. Jumapili ikaja nayo. Waadventista wa kwanza, Wajerumani pia, walifika milima ya Upare mwaka 1903 na kuanzia Giti, wakiwa na Jumamosi yao. Tofauti ni mwaka mmoja tu. Wapare waliohamia Arusha na Usa River, pamoja na wenzao kutoka Kanda ya Ziwa ambako kanisa hilo lilifika miaka michache baadaye, ni sehemu kubwa ya sababu ya leo kuwa na makanisa ya Kisabato karibu kila kata ya jiji.

Sasa, siku hiyo inaanza saa ngapi? Kwa Mlutheri swali halina uzito. Jumapili ni Jumapili, ukiamka imefika. Kwa Msabato ndilo swali lenyewe. Sabato huanza jua linapozama Ijumaa na kuisha linapozama Jumamosi, kwa kufuata hesabu ya Mwanzo ambapo jioni hutangulia asubuhi. Mswahili wa zamani asingeona ajabu yoyote hapo, maana saa zetu nazo huanza upya jua likizama, na usiku hutangulia mchana wake.

Arusha iko karibu na Ikweta, kwa hiyo machweo hayahami sana, lakini huhama kuliko watu wanavyodhani. Mwishoni mwa Oktoba jua huzama saa 12:22 hivi jioni. Katikati ya Februari linafika saa 12:53. Ni tofauti ya nusu saa nzima, na haitokani na urefu wa mchana peke yake. Duniani siku ya jua huwa ndefu au fupi kidogo kuliko saa 24 za ukutani kutegemea majira, na tofauti hizo za sekunde hujikusanya wiki hadi wiki. Ndiyo maana familia za Kisabato huangalia kalenda ya kanisa yenye muda wa machweo badala ya kukariri saa moja ya mwaka mzima. Anayefunga duka saa 12:45 kila Ijumaa yuko salama Februari, lakini Oktoba ameingia ndani ya Sabato kwa zaidi ya dakika ishirini.

Halafu kuna mlima. Nenda Ngare Nanyuki, upande wa kaskazini mashariki, pale pale ambako Wameru walifukuzwa kwenye ardhi yao mwaka 1951. Meru imesimama magharibi kwao, na kilele chake kiko mita zaidi ya 4,500. Desemba jua huzama nyuma ya mlima kiasi cha nusu saa na zaidi kabla ya machweo ya kalenda. Kuku wanapanda kulala, kivuli kimefunika bonde, lakini anga bado ni jeupe. Mtu aliyeko uwanda wa Kisongo, magharibi ya mji, bado analiona jua zima. Je, Sabato imeshaingia Ngare Nanyuki? Kalenda inasema bado, kwa sababu imekokotolewa kwa upeo tambarare. Swali hili ni la zamani kuliko makanisa yetu yote. Katika Talmudi kuna rabi Yose aliyetamani fungu lake liwe pamoja na wanaoipokea Sabato Tiberia na wanaoiaga Sefori. Tiberia iko bondeni, giza huingia mapema; Sefori iko juu ya mlima, mwanga hukawia. Alikuwa anataka Sabato ndefu pande zote mbili. Sijaona maelezo bora ya jinsi mlima unavyoichezea siku ya mapumziko, na aliyeyatoa hakuwahi kuiona Meru.

Wayahudi wenyewe waliliondoa shaka hilo kwa kuongeza muda. Kwa desturi iliyoenea mishumaa huwashwa dakika 18 kabla ya machweo, na Sabato haiishi mpaka nyota tatu zionekane. Kwa anga la Arusha hiyo ni nusu saa na kidogo baada ya jua kuzama. Mjini Arusha kuna jumuiya ndogo ya Wayahudi, ambao huihusisha asili yao na Yemen, na kwao siku hiyo ni ya saa 25 kasoro kidogo, kwa kanuni zinazoorodhesha aina 39 za kazi zilizokatazwa, kuanzia kulima na kuvuna hadi kuwasha na kuzima moto. Mbale nchini Uganda wako wengi zaidi, Abayudaya, kundi lililoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919.

Wasabato hawana orodha ya 39. Wana neno moja, Maandalio, na neno hilo ndilo linalobeba siku nzima ya Ijumaa. Nyumba inafagiliwa, nguo zinapigwa pasi, chakula cha kesho kinapikwa ili kibaki kupashwa tu, vocha na umeme wa luku vinanunuliwa mapema. Jua likikaribia kuzama familia hukaa sebuleni, kitabu cha nyimbo kinafunguliwa, andiko linasomwa, na baba au mama anaomba. Hiyo ndiyo kufungua Sabato. Kesho yake asubuhi ni Shule ya Sabato, watu wazima na watoto kila kundi na lesoni yake, kisha huduma kuu, kisha chakula. Jioni watu hukutana tena kufunga Sabato. Katikati hapo hakuna kununua wala kuuza. Ukimpigia fundi wako wa Kisabato Jumamosi saa nane mchana kuhusu bomba, atakusalimu vizuri na kukuambia mtaongea jioni.

Kukoma kwa mwalimu au karani ni kufunga ofisi tu. Kwa mkulima wa Meru mambo ni mengine, na kwangu hapo ndipo Sabato hupimwa, kwa sababu kuna kazi ambazo zikishaanza haziwezi kukoma. Ya kwanza ni ng'ombe wa ndani, ambaye chuchu zake hazisomi kalenda. Anakamuliwa, hakuna anayebisha. Majani yake hukatwa Ijumaa na kurundikwa kando ya banda. Kinacholeta mjadala ni maziwa yenyewe. Wapo wanaoyaacha yagande, wapo wanaowapa majirani, na wapo wanaoyapeleka kwa mnunuzi wakikubaliana malipo yafanyike Jumapili.

Ya pili ni kahawa, na hii inahitaji tuifuatilie saa kwa saa. Tuchukue mkulima wa Kisabato wa Poli au Sing'isi, mwezi Agosti, katikati ya msimu, mwenye mashine ndogo ya mkono ya kumenyea. Kahawa ikishachumwa ikiwa nyekundu inatakiwa kumenywa siku hiyo hiyo. Ikilala ndani ya gunia inaanza kuchacha yenyewe ndani ya ganda, na ladha yake haiponi tena. Baada ya kumenywa, punje bado zina ute unaoteleza. Huwekwa kwenye pipa au tangi na kuvundikwa, ute ule ulegezwe na vijidudu, kisha huoshwa na kuanikwa kwenye vichanja. Kwa baridi ya Agosti mlimani, kuvundika huchukua kati ya siku moja na siku mbili. Chini, kwenye joto, ni haraka zaidi.

Sasa hesabu. Kahawa iliyochumwa Ijumaa asubuhi na kumenywa mchana iko ndani ya pipa saa tisa alasiri. Jua linazama saa 12:38. Mkulima ananawa mikono, anafungua Sabato. Pipa linaendelea na kazi yake bila kumhitaji. Jumamosi jua likizama, saa 27 na nusu zimepita. Anachota kiganja, anasugua: punje zikikwaruzana kama kokoto, ute umeisha, anaosha usiku kwa taa au anangoja Jumapili alfajiri. Zikiteleza bado, anaziacha. Njia nyingine ni kuchomeka kijiti katikati ya pipa na kukichomoa. Tundu likibaki wazi, tayari. Ijumaa inamfaa kabisa.

Tatizo ni Alhamisi. Kahawa iliyoingia pipani Alhamisi saa tisa alasiri huiva wakati wowote kati ya Ijumaa alasiri na Jumamosi alasiri. Ikiwahi, ni heri, ataiosha Ijumaa kabla ya machweo. Ikichelewa kidogo, itaiva Jumamosi asubuhi yeye akiwa kanisani, na mpaka jua lizame imekaa saa 51 na nusu. Dalili za kuzidi huwezi kuzikosa: harufu kali ya siki, punje zenye madoa, na punje chache tu zilizooza zinatosha kuharibu ladha ya gunia zima mnunuzi anapoionja. Kwa hiyo mkulima makini ama huchuma Alhamisi asubuhi na mapema ili pipa lipate saa za kutosha kabla ya Ijumaa jioni, ama hachumi Alhamisi kabisa. Ikiwa imekaribia kuiva Ijumaa alasiri, anaisugua na kuiosha kwa nguvu, kisha anailowesha kwenye maji safi yanayoifunika kabisa. Maji huzuia uchachu usiendelee kwa kasi, na kahawa inaweza kulala humo siku nzima bila kudhurika. Wakenya hulowesha hivyo kwa sababu za ubora tu, wala hakuna uhusiano na Sabato. Kwa mkulima wetu ndiyo mlango wake wa dharura.

Vichanjani hakuna mlango wa namna hiyo. Kahawa iliyooshwa Jumatano bado ina maji mengi, inatakiwa kugeuzwa mara kwa mara, kufunikwa jua likiwa kali na mvua ikitishia, na kufunuliwa ili ipumue. Ikifunikwa na turubai Ijumaa jioni mpaka Jumamosi jioni, inatoa jasho na kuota ukungu. Ikiachwa wazi, mvua ya ghafla inailowesha upya. Hapa waumini hugawanyika, na mjadala huwa mmoja popote ulipo: yule ng'ombe aliyetumbukia kisimani katika Injili ya Luka. Mmoja atasema kufunua turubai ni kumtoa ng'ombe kisimani. Mwingine atajibu kwamba ng'ombe wako akitumbukia kisimani kila Jumamosi, ziba kisima. Kutoka sura ya 34 iko upande wa huyu wa pili, maana inaagiza kupumzika hata majira ya kulima na kuvuna. Naona ana hoja, ingawa gharama analipa yeye, na mnunuzi wa kahawa haulizi iliharibika kwa sababu ya imani au ya uvivu.

Inafurahisha kwamba sheria ya kwanza ya dola iliyoifanya Jumapili kuwa siku ya mapumziko ilichagua upande wa kwanza. Mfalme Konstantino wa Roma alipoitangaza mwezi Machi mwaka 321, aliwataka mahakimu na watu wa mijini wapumzike, lakini wakulima akawaruhusu kuendelea, kwa kuwa siku nzuri ya kupanda ikipita haitarudi. Jumapili ilizaliwa ikiwa na ruhusa ya shambani ndani yake, na hali hiyo iko hai Meru hadi leo.

Jirani wa Kilutheri wa mkulima wetu huchuma Jumamosi, humenya Jumamosi, na Jumapili anakwenda ibadani. Ibada ikiisha hakuna anayekimbilia nyumbani, kwa sababu nje ya kanisa kuna mnada. Walioleta sadaka ya mazao wameyapanga: mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, trei ya mayai, miwa, chupa ya asali. Mzee mmoja mwenye sauti anashika kuku juu na kutaja bei, watu wanapandisha, wengine wananunua na kumrudisha anadiwe tena ili kanisa lipate mara mbili. Kwa macho ya Msabato hiyo ni biashara siku takatifu. Kwa Mlutheri ni ibada inayoendelea nje ya mlango. Alasiri anarudi kwake, anaosha kahawa yake, na dhamiri haimsuti.

Wala hajaasi katekisimu yake. Kijana wa kipaimara Nkoaranga hujifunza kuitakasa siku ya mapumziko kuwa ni Amri ya Tatu, wakati mwenzake wa Kisabato anaihesabu kuwa ya Nne. Tofauti ya namba ni ya upangaji tu. Ya maana ni kubwa zaidi. Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo, alipoieleza amri hiyo hakutaja kupumzika hata mara moja. Alisema tusidharau mahubiri na neno la Mungu, tulisikie na kujifunza kwa furaha. Ukishasikia neno, umetimiza. Lakini katika Katekisimu Kubwa Luther aliandika kuhusu kupumzika kwa mwili, na akasema kunawahusu hasa watumishi wa kiume na wa kike waliofanya kazi wiki nzima. Sehemu hii haisomwi sana kwenye madarasa ya kipaimara. Tutairudia.

Kwa Waislamu habari ni fupi, kwa sababu Ijumaa haikuwahi kukusudiwa kuwa Sabato. Kurani inawataka waumini waache biashara wakiitwa kwenye sala ya Ijumaa, na sala ikiisha watawanyike wakatafute riziki. Mahali pengine inasema kwamba kuumba mbingu na ardhi hakukumchosha Mungu, kwa hiyo hakuna Mungu anayepumzika wa kuigwa. Ukiwa karibu na Soko Kuu Ijumaa saa saba kasoro mchana utaona milango ya maduka ikivutwa nusu, viatu vimejaa nje ya msikiti, na katika muda wa saa moja muuza vitenge amerudi kaunta. Kukoma kwao ni kwa saa moja, lakini kunakuja katikati ya mchana wa kazi, saa ambayo wateja wapo. Jamaa zangu Wakristo wanaoona hilo ni jepesi wajaribu kufunga duka saa hiyo kila wiki.

Watu wa dini hizi zote wakiajiriwa hukutana kwenye sheria moja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiriwa asifanye kazi zaidi ya siku sita kwa wiki wala zaidi ya saa 45 za kawaida. Kifungu cha 24 kinampa mapumziko ya angalau saa 24 kati ya siku ya mwisho ya kazi ya wiki na siku ya kwanza ya wiki inayofuata. Sheria haitaji Jumapili, wala Jumamosi, wala Ijumaa. Imebakiza kiini tu, kukoma kwa mzunguko mmoja wa jua, na siku yenyewe ikaachwa kwa mkataba.

Uhuru huo una makali pande mbili. Msabato anaweza kuomba saa zake 24 zianze Ijumaa jioni, na mwajiri akikubali hakuna tatizo; akikataa, kifungu hicho peke yake hakimlindi, kwa sababu kinampa muda na si siku. Ndipo kesi huzaliwa, hasa za mitihani. Uganda, wanafunzi wa Kisabato waliishtaki Makerere kwa kupanga masomo na mitihani Jumamosi, na mwaka 2006 Mahakama ya Juu ikawakatalia. Kenya, Mahakama ya Rufaa mwaka 2017 ilielekea upande mwingine na kuzitaka shule ziwape wanafunzi Wasabato nafasi ya kuishika siku yao. Katiba za nchi zote mbili zinalinda uhuru wa dini. Majaji wamesoma tofauti.

Arusha mjini mapambano haya hufanyika kimya zaidi, kwenye ratiba za zamu. Dereva wa watalii akienda Serengeti siku saba hana siku ya kukoma humo katikati, awe wa dini gani. Muuguzi hubadilishana zamu, Msabato akichukua Jumapili ya Mlutheri na Mlutheri akichukua Jumamosi ya Msabato, na hapo kuwa na siku mbili tofauti kunageuka faida kwa wodi nzima. Wahabeshi walikwenda mbali zaidi: mwaka 1450, chini ya mfalme Zara Yakobo, kanisa lao likaamua kuzishika Jumamosi na Jumapili zote mbili.

Sasa nirudi kwa Luther na watumishi wake, na kwa yule mjakazi wa Kumbukumbu la Torati. Ukipita Njiro, Sakina au Usa River mchana wa siku takatifu, iwe Jumamosi au Jumapili, utakuta familia imerudi kutoka kanisani, imevua viatu, imekaa mezani. Jikoni kuna dada wa kazi. Ameamka kabla ya wote kuwaandaa watoto, amebaki na mtoto mchanga au amekwenda ibadani akimbeba, sasa anapakua pilau na baadaye ataosha vyombo. Wageni wakija atapika tena. Nyumba nyingi anapata alasiri moja kwa mwezi ya kwenda kusuka nywele, na hiyo kwa kuomba. Kwa kipimo cha amri yenyewe, sioni namna ya kusema kwamba nyumba hiyo imeishika Sabato, siku yoyote waliyoichagua na hata wangekuwa na kalenda ya machweo ukutani. Mkulima anayepoteza kahawa yake ya vichanjani yuko karibu zaidi na neno lile kuliko wao.

Naye dada wa kazi ni mwajiriwa kwa mujibu wa sheria ile ile ya mwaka 2004. Saa 24 za kila wiki ni zake, mfululizo. Ukimhitaji ndani ya saa hizo, lazima muwe mmekubaliana, na kila saa unamlipa mara mbili ya mshahara wake wa kawaida wa saa. Kama hamjapanga siku yake, mpangie wiki hii, na umwache aichague mwenyewe.